Msigawe Shilingi za Leo kwa Riba ya Kesho

Mfumuko wa bei unapopanda, kuna kauli inayopita kwenye kamati za mikopo na ofisi za mipango bila kuulizwa, kwa sababu ina sauti ya busara. Aliyeandaa upembuzi yakinifu anasema: "Bei za miaka ijayo hakuna anayezijua. Kwa hiyo tumeweka bei za leo kwa miaka yote 20, kisha tumepunguza thamani kwa riba ya benki. Tumekuwa waangalifu." Wajumbe wanaafiki. Mradi unaonekana una hasara, unakataliwa, na kila mtu anaondoka akiamini kwamba fedha zimenusurika.

Naipinga kauli hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huo si uangalifu. Ni kosa la hesabu, tena kosa lenye upendeleo: linaipiga miradi mirefu na kuiacha mifupi ipite. Mabwawa, miti ya mbao, michikichi na mitambo ya umeme wa maji huangukia upande wa kupigwa. Jenereta, malori na mali ya kununua na kuuza huangukia upande wa kupita. Nchi yenye mfumuko mkubwa ikifanya hesabu hiyo kwa miaka 10 mfululizo, itajikuta haina kitu cha kudumu, na lawama zote itaupa mfumuko wenyewe.

Tanzania iliishi na mfumuko wa karibu asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Kenya ilifika karibu asilimia 46 mwaka 1993. Burundi ilivuka asilimia 20 mwaka 2023, na Malawi imeonja karibu asilimia 30 miaka hii ya karibuni. Hata palipo na mfumuko mdogo kosa hili halijalala, kama nitakavyoonyesha.

Yaliyomo ndani ya riba

Riba inayotozwa na benki imebeba vitu viwili. Cha kwanza ni malipo ya kusubiri na kubeba hatari, ambayo ndiyo riba halisi. Cha pili ni fidia ya shilingi kupungua nguvu. Mkopeshaji anayetarajia bei kupanda kwa asilimia 30 hawezi kuridhika na asilimia 10, kwa sababu mwisho wa mwaka fedha atakazorudishiwa zitanunua vitu vichache kuliko zile alizotoa. Mchumi Mmarekani Irving Fisher aliufafanua uhusiano huo mwaka 1896, na hadi leo unaandikwa hivi:

(1 + riba ya benki) = (1 + riba halisi) × (1 + mfumuko wa bei)

Benki ikitoza asilimia 43 na mfumuko ukiwa asilimia 30, gawanya 1.43 kwa 1.30 utapata 1.10. Riba halisi ni asilimia 10. Si asilimia 13, ambayo ungeipata kwa kutoa 30 kwenye 43. Kutoa kunakaribia ukweli mfumuko ukiwa asilimia 3 au 4. Ukifika 30, pengo hilo la pointi 3 linatosha kuangusha mradi.

Sasa itazame upya kauli ya mtaalamu wetu. Anasema haujui mfumuko wa kesho, ndiyo maana ameacha bei za leo. Lakini riba ya asilimia 43 aliyoitumia tayari ina utabiri wa mfumuko wa asilimia 30 ndani yake. Kwa hiyo hajaukwepa utabiri hata kidogo. Ameukubali chini ya mstari, kwenye kigawanyo, na kuukataa juu ya mstari, kwenye mapato. Mapato yake ni ya nchi ambayo bei hazipandi, riba yake ni ya nchi ambayo bei zinapanda kwa asilimia 30, na mradi anaouhukumu haupo katika nchi yoyote.

Mtambo wa maji wa shamba la chai

Tuchukue mfano, tufanye hesabu yake mpaka mwisho. Shamba la chai katika nyanda za juu kusini lina kiwanda kinachohitaji umeme wa kuendesha feni za kunyausha majani, mashine za kusaga na za kukausha. Umeme huo unatoka kwenye jenereta za dizeli. Mto uko karibu, na mtambo mdogo wa maji ungegharimu shilingi milioni 1,000 leo. Ungeokoa shilingi milioni 150 za dizeli na matengenezo kila mwaka, kwa bei za leo, kwa miaka 20. Mfumuko ni asilimia 30, benki inatoza asilimia 43, na bei ya dizeli inakwenda sambamba na bei nyingine. Kodi tuiweke kando kwanza.

Njia sahihi ya kwanza ni kutumia bei za leo pande zote. Akiba ya kila mwaka inabaki milioni 150, na kiwango cha kupunguzia ni riba halisi ya asilimia 10. Thamani ya leo ya akiba za miaka 20 inakuwa milioni 1,277. Toa gharama ya milioni 1,000, inabaki ziada ya milioni 277. Mradi ni mzuri.

Njia sahihi ya pili ni kutumia bei za mwaka husika pande zote. Akiba ya mwaka wa kwanza inakuwa milioni 195, ya mwaka wa 10 inakuwa milioni 2,068, na ya mwaka wa 20 inapita shilingi bilioni 28. Tarakimu hizo zinatisha, na wengi hukimbilia bei za leo kwa sababu ya kuziogopa. Lakini zinapunguzwa kwa asilimia 43, siyo 10. Akiba ya mwaka wa 10 inarudi kuwa milioni 57.8 za leo, sawasawa na milioni 150 zilizopunguzwa kwa asilimia 10 kwa miaka 10. Ukijumlisha miaka yote unapata ziada ileile ya milioni 277. Ungedhani mfumuko ni asilimia 50 na riba asilimia 65, bado ungepata 277. Hofu ya kutojua mfumuko wa kesho inakosa nguvu hapa: riba na bei zikiwa zimefungamana, kukosea utabiri hakubadili jibu.

Na mtaalamu mwangalifu je? Anapunguza milioni 150 za bei za leo kwa asilimia 43. Akiba ya mwaka wa 10 anaihesabu kuwa milioni 4.2. Ya mwaka wa 20, ambayo kwa haki ina thamani ya milioni 22 leo, kwake ni shilingi 117,000 tu. Jumla ya akiba zote inakuwa milioni 349, na mradi unaonyesha pungufu la milioni 651. Kutoka ziada ya 277 hadi pungufu la 651, na katika mto, mtambo na kiwanda hakuna kilichobadilika.

Alichofanya ni kuutaka mradi uzae asilimia 43 juu ya mfumuko. Kwa shilingi za kila mwaka maana yake ni 1.43 mara 1.30, yaani faida ya asilimia 86 kwa mwaka, mfululizo, kwa miaka 20. Hakuna mkulima, kiwanda wala serikali iliyowahi kujengwa kwa sharti hilo. Anayetaka kuweka sharti hilo aliseme wazi mbele ya wajumbe, asilifiche ndani ya lahajedwali na kuliita uangalifu.

Uangalifu wa kweli ungeibana miradi yote kwa kipimo kimoja. Huu hauibani hivyo. Weka mezani jenereta jipya la milioni 100 litakaloweka akiba ya milioni 55 kwa mwaka kwa miaka 5. Kwa riba halisi lina ziada ya milioni 108. Hata likinunuliwa upya kila baada ya miaka 5 hadi itimie miaka 20, ziada zote kwa thamani ya leo ni milioni 244, chini ya zile 277 za mtambo wa maji. Kwa hesabu iliyochanganywa, jenereta linabaki na ziada ya milioni 6 na nusu na linapita, huku mtambo wa maji ukionekana msiba. Kamati inachagua dizeli, inaandika kwenye muhtasari kwamba imeepuka hatari, na shamba linafungwa kwenye mafuta ya kuagiza kwa miaka mingine 20.

Wenzetu wa nchi zenye mfumuko mdogo wasijidanganye kwamba hili haliwahusu. Ukichukua mfumuko wa asilimia 3 na riba halisi ileile ya asilimia 10, riba ya benki inakuwa asilimia 13.3. Changanya bei za leo na riba hiyo, na ziada ya mtambo inashuka kutoka milioni 277 hadi milioni 35. Asilimia 3 tu, lakini kwa miaka 20, imekula karibu ziada yote ya mradi bila mtu kushtuka, kwa sababu jibu halijawa hasi.

Na kosa hili si la watu wasiosoma. Mwaka 1979 Franco Modigliani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1985, pamoja na Richard Cohn, walidai kwamba soko zima la hisa la Marekani lilikuwa limeshushwa thamani kwa kosa hilihili: wawekezaji walikuwa wakipima faida zinazopanda pamoja na bei kwa riba yenye mfumuko ndani yake. Bado wapo wanaobishana kama kosa hilo lilitosha kueleza anguko lote la bei za hisa za miaka ile, lakini kwamba ni kosa, hakuna anayebisha.

Wanaosema mfumuko haujalishi

Wapo watakaonishangilia hadi hapa kisha wakavuka mpaka. Hao husema: basi tuutoe mfumuko kwenye hesabu kabisa, tuweke kila kitu kwa bei za leo na riba halisi, tumalize. Kwa kuwa gharama na mapato hupanda pamoja, mfumuko hauna la kufanya. Nao wamekosea, na kosa lao limepitisha miradi mingi isiyostahili.

Mfumuko hauvipandishi vitu vyote. Kuna vitu vilivyoandikwa kwa shilingi za siku vilipoandikwa na vikabaki hapo. Kikubwa kati yake ni nafuu ya kodi itokanayo na uchakavu wa mitambo. Sheria za kodi kwa kawaida huruhusu uchakavu uhesabiwe kwa bei ya kununulia, siyo kwa bei ya kununua mtambo mwingine leo. Ukinunua kwa milioni 1,000 na kuruhusiwa kupunguza milioni 100 kwa mwaka kwa miaka 10, katika mwaka wa 10 bado utapunguza milioni 100, ingawa kwa mfumuko wa asilimia 30 fedha hiyo imebaki na nguvu ya milioni 7 za leo.

Turudi shambani tuingize kodi ya asilimia 30, na zile asilimia 10 tuzichukue kuwa riba halisi baada ya kodi. Akiba ya milioni 150 inabaki milioni 105 baada ya kodi, na kwa miaka 20 thamani yake ya leo ni milioni 894. Uchakavu unaokoa kodi ya milioni 30 kwa mwaka. Anayeichukulia hiyo milioni 30 kama kitu kinachofuata bei anaipunguza kwa asilimia 10 na kupata milioni 184. Jumla yake ni milioni 1,078, na anatangaza ziada ya milioni 78. Lakini hizo ni shilingi zilizogandishwa. Zinapaswa kupunguzwa kwa asilimia 43, na hapo thamani yake ni milioni 68 tu. Jumla ya kweli ni milioni 962, na mradi una pungufu la milioni 38.

Tofauti ya milioni 116 ndiyo madhara ya mfumuko kwenye mradi huu. Inatoka mahali panapojulikana, na ndiyo inayogeuza jibu kutoka ndiyo kuwa hapana. Charles Nelson alilionyesha jambo hili mwaka 1976: maadamu uchakavu unafuata bei ya zamani, thamani ya mradi haiwezi kukwepa kutegemea kiwango cha mfumuko.

Hapa ndipo hesabu sahihi inaponipa kitu ambacho hesabu ya "uangalifu" haiwezi kunipa, yaani sababu. Hesabu iliyochanganywa, pamoja na kodi, inaonyesha pungufu la milioni 688. Mbele ya tarakimu hiyo hakuna la kujadili, unafunga faili. Mbele ya pungufu la milioni 38 lenye chanzo kinachoonekana, unauliza: je, sheria inaruhusu kupunguza gharama yote mwaka wa kwanza? Kama shamba lina faida nyingine ya kutosha kuipokea nafuu hiyo, kodi inayookolewa ni milioni 300 mwisho wa mwaka wa kwanza, yenye thamani ya milioni 210 leo, na mradi unarudi kuwa na ziada ya milioni 104. Waziri wa fedha anayetaka mitambo ya maji ijengwe wakati wa mfumuko anaonyeshwa hapo kifungu cha kurekebisha. Kwa hesabu iliyochanganywa, hata kifungu hicho kikibadilishwa mradi bado ungeonyesha pungufu la milioni 546, na sera nzuri ingetupwa pamoja na mradi mzuri.

Vingine vilivyogandishwa ni kodi ya pango ya miaka mingi isiyo na nyongeza, mkataba wa kuuza umeme kwa bei moja, na deni lenyewe. Kisha kuna vinavyopanda, lakini kwa mwendo wao. Bei ya dizeli iliyopangwa na serikali, kwa mfano, inaweza kubaki nyuma. Tukirudi kwenye hesabu ya kabla ya kodi, akiba ya mtambo ikipanda kwa asilimia 25 kwa mwaka huku bei kwa jumla zikipanda kwa 30, thamani yake halisi inapungua karibu asilimia 4 kila mwaka, na ziada ya milioni 277 inageuka pungufu la milioni 29. Anayetaka kuwa mwangalifu, uangalifu wake auweke hapo: achunguze ni bei ipi ya mradi itakayobaki nyuma, kwa sababu gani na kwa muda gani. Hiyo ni kazi ngumu na ina faida. Kugawa kila kitu kwa 1.43 hakuhitaji kujua lolote kuhusu dizeli, mto wala chai.

Hoja ya mkopeshaji

Hoja nzito kuliko zote haitoki kwa mtaalamu wa upembuzi, inatoka kwa afisa mikopo, nami naiheshimu. Anasema: "Hesabu zako ni nzuri, lakini shamba likikopa milioni 1,000 kwa asilimia 43, riba ya mwaka wa kwanza ni milioni 430. Mtambo utaokoa milioni 195. Watalipa na nini? Hesabu yangu iliukataa mradi huu, na kwa kweli mradi usingeweza kulipa."

Ni kweli usingeweza, na ni lazima andiko la mradi lionyeshe hivyo. Ndiyo maana hata anayepima thamani kwa bei za leo anawajibika kuandaa mpango wa fedha kwa bei za mwaka husika, mwaka kwa mwaka, ili ukame wa fedha wa miaka ya mwanzo uonekane. Lakini swali la kama mradi una thamani na swali la kama mkopo huu unalipika ni maswali mawili. Anayejibu la pili kwa kuvuruga hesabu ya la kwanza anaficha palipo na ugonjwa.

Tuzichambue hizo milioni 430. Deni la milioni 1,000 mwisho wa mwaka, bei zikiwa zimepanda asilimia 30, linahitaji kuwa milioni 1,300 ili mkopeshaji abaki na nguvu ileile ya kununua. Kwa hiyo milioni 300 kati ya 430 zinarudisha mtaji ulioliwa na bei, na milioni 130 tu ndizo riba halisi kwa shilingi za mwisho wa mwaka. Kwa jina la riba, mkopo wa kawaida unamdai mkulima arudishe karibu robo ya mtaji katika mwaka wa kwanza, kwa mtambo utakaozalisha miaka 20. Akiba ya milioni 195 inaitosha riba halisi ya milioni 130 na kubakiza milioni 65. Kilichomshinda ni ratiba ya kurudisha mtaji. Modigliani na Cohn waliliona na hili: wawekezaji walihesabu riba yote kama gharama na kusahau kwamba deni lilikuwa likiyeyuka upande wa pili.

Dawa yake ipo na imejaribiwa. Tangu mwaka 1967 Chile ina kipimo cha fedha kiitwacho Unidad de Fomento, kinachopanda pamoja na bei, na mikopo ya muda mrefu huandikwa kwa kipimo hicho kwa riba halisi. Kwa mkopo wa namna hiyo, mwisho wa mwaka wa kwanza deni la shamba lingepanda hadi milioni 1,300, riba ikaongeza 130, malipo yakaondoa 195, likabaki milioni 1,235. Kwa shilingi limekua. Kwa nguvu ya kununua ni milioni 950 za leo, maana yake limepungua kwa 50. Kwa mwendo huo, kabla ya kodi, deni lote linakwisha katika mwaka wa 12, na mtambo una miaka 8 mingine ya kuzalisha.

Mkopo unaofuata fahirisi una masharti yake. Fahirisi ya bei lazima iaminike na itolewe kwa wakati, na mapato ya mkopaji lazima yaifuate. Kiwanda kinachouza umeme kwa bei iliyogandishwa na serikali kitazama kwenye mkopo wa aina hiyo haraka kuliko kwenye mwingine wowote. Hayo ni mambo ya kupima katika kila mradi. Lakini benki isiyokuwa na mkopo unaofaa iseme kwamba haina mkopo unaofaa. Isiseme mto hauna thamani.

Namna ya kulikamata kosa

Mjumbe wa kamati hahitaji shahada ili kulikamata. Atazame kwanza mstari wa mapato. Ukiwa na tarakimu ileile miaka yote 20, basi bei ni za leo, na kiwango cha kupunguzia lazima kiwe halisi. Achukue kiwango kilichoandikwa na kuuliza kilikotoka. Kikiwa kimetoka kwenye riba ya benki, mchanganyiko umeshafanyika. Kisha atazame mistari ya uchakavu na ya marejesho ya mkopo. Ikikaa pamoja na mapato ya bei za leo bila kupunguzwa kwanza kwa mfumuko wa kila mwaka, hesabu imechanganyika hata kama kiwango ni sahihi. Mwisho aagize hesabu ifanywe kwa njia zote mbili. Majibu yakitofautiana, kuna kitu kimewekwa upande usio wake, na kikao kisimame mpaka kipatikane.

Awe macho pia na kosa linalokwenda upande wa pili. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia ilizoea kupima miradi kwa kiwango cha asilimia 10 hadi 12, kilichokusudiwa kwa bei zisizo na mfumuko. Anayechukua asilimia 10 hiyo na kuitumia kwenye mapato yanayopanda kwa asilimia 30 anaufanya mtambo wetu wa milioni 1,000 uonekane una thamani inayozidi bilioni 26. Kosa hilo halitetewi kwa jina la uangalifu. Hutetewa kwa jina la maendeleo, na linajenga vitu ambavyo havikupaswa kujengwa.

Na palipo na riba iliyopangwa na serikali chini ya mfumuko, kama ilivyokuwa Tanzania katika miaka ya 1980, riba ya benki haifai kabisa kuwa kipimo. Ukiigawa kwa mfumuko utapata riba halisi iliyo chini ya sifuri, na karibu kila mradi utapita. Hapo inabidi mtu ajiulize fedha hiyo ingezaa nini kwingine kwa kweli, kwenye mazao, kwenye mifugo au kwenye mali inayoshika thamani, aanzie hapo kipimo chake.

Ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka. Kila andiko la mradi wa zaidi ya miaka 5 liandike kwenye ukurasa wake wa kwanza: bei ni za mwaka gani, kiwango cha kupunguzia ni halisi au kina mfumuko ndani yake, ni kiasi gani cha mfumuko kimedhaniwa, na ni mistari ipi haifuati bei. Andiko lisilo na maelezo hayo lirudishwe kabla ya kujadiliwa. Miradi mingi bado itakataliwa, na mingine inastahili. Lakini itakataliwa kwa sababu ya dizeli, kodi, mto au mkopo, vitu ambavyo mtu anaweza kuvirekebisha na kurudi tena mezani mwaka unaofuata.